Usiandike "samba" kwenye skripti, geuza sentensi

"Wakuu, nina tangazo la mbolea la sekunde 30, msomaji ni mama Mluo wa Kisumu. Niandike 'samba' na 'sida' ndio lafudhi itoke?"

Usiandike hivyo tafadhali, na kama ushaandika futa kabla hajaona. Kuna jamaa wa ofisi moja ya matangazo alituletea skripti imejaa hizo samba, eti ndio wenyeji waisikie kama yao. Msomaji wetu alikuwa mama wa Kondele, sh yake anaitamka vizuri tu akitulia, lakini alivyoona hiyo karatasi akaanza kuigiza Mjaluo wa vichekesho, sauti juu, kila s inavutwa, maana ndivyo karatasi imemwambia. Ikaenda hewani. Watu wakapiga simu stesheni wakiuliza nani anawacheka, mteja akaondoa tangazo, studio ikalipwa mara ya pili, na yule mama akakataa kurudi. Jamaa mwenyewe alishapokea pesa yake akaenda. Inaniuma hadi leo, watu kama hao hawajawahi hata kukaa na msomaji.

Karatasini andika shamba, andika shida. Lafudhi anakuja nayo mdomoni. Kijaluo hakina sh wala z, so sh moja ikitoka s hakuna mtu atapotea, msikilizaji wa Ahero ndivyo anaongea. Noma inaanza ukizipanga foleni, kama hii tulipewa: "Shughulikia shida za shamba lako kwa kuzingatia ushauri wa kitaalamu." Hapo ulimi unarukaruka kati ya sh na z, anapunguza mwendo, anarudia, anaanza kuwaza mdomo badala ya mbolea. Tuliigeuza hivi: "Ukiona mahindi yako yamegeuka manjano, usikae tu. Ongea na afisa wa kilimo akuambie ni mbolea gani ya kuweka." Habari ni ile ile, na msomaji mwingine akaisoma mara moja bila kujikwaa.

Hiyo sentensi hatukuitoa kichwani. Tulimwambia aweke karatasi chini, amweleze jirani yake kama hakuna tangazo, tukamrekodi na simu, halafu tukafuata mpangilio wake. Alisema "mbolea ya ng'ombe zangu", tukaiacha hivyo, ukimlazimisha "ng'ombe wangu" anasoma kama mtoto amesimamishwa mbele ya darasa. Baadaye mpe asome bila kujiandaa, wewe shika penseli: penye amekwama mara mbili geuza sentensi, usimrudishe yeye mara ishirini. Na usipite maneno 60 hivi kwa sekunde 30, ukizidisha unamkimbiza na akikimbia hata zile sh alikuwa anaziweza zinapotea.

Tangazo likienda Bungoma au Nakuru usibebe karatasi hiyo hiyo. Mbukusu atakwama kwa b na p, Mkikuyu wa Nakuru kwa l na r, so sentensi zingine ndio zitageuzwa, na msomaji akiwa amekaa hapo na wewe.