Maswali na majibu: Karatasi ya ukoo kuwa jedwali la mtoto na mzazi

Marehemu babu ametuachia karatasi kubwa ya ukoo aliyoichora kwa mkono. Nataka kuiingiza kwenye kompyuta. Nianzie wapi? (Msomaji, Tanga)

Iache mistari kwanza, anza na watu. Toa fotokopi, shika kalamu nyekundu, na kila mtu mpe namba yake. Mtu aliyeandikwa mahali pawili, labda kwa sababu aliolewa na binamu yake, apewe namba ileile. Namba isiwe na maana ya kizazi wala ya nani kazaliwa wa kwanza, maana ukija kugundua mtoto aliyesahaulika itabidi ubadilishe zote.

Halafu andika majedwali mawili. La kwanza ni la watu: namba, jina, mwaka wa kuzaliwa. La pili ni la uzazi, na kila safu yake ina kiungo kimoja tu: namba ya mtoto, namba ya mzazi, na neno "baba" au "mama". Mtoto mwenye wazazi wawili wanaojulikana huchukua safu mbili.

Sipendi kuanika ukoo wa msomaji, basi nitatumia wa masultani wa Unguja. Said bin Sultan ni 1, wanawe Thuwaini 2 na Mohammed 3. Harub bin Thuwaini ni 4, Hamoud bin Mohammed 5, Khalifa bin Harub 6, Matuka binti Hamoud 7.

```
mtoto,mzazi,aina
2,1,baba
3,1,baba
4,2,baba
5,3,baba
6,4,baba
7,5,baba
```

Khalifa alimwoa Matuka. Ndoa yao haiingii hapa, ina jedwali lake. Mtoto wao yeyote, tumpe namba 8, ataandikwa `8,6,baba` na `8,7,mama`. Ukipanda kwa baba unapita 6, 4, 2, unafika 1. Ukipanda kwa mama unapita 7, 5, 3, unafika 1 huyohuyo. Kwenye karatasi mchoraji hulazimika kukatiza mstari juu ya mistari mingine, au amwandike mtu mara mbili. Jedwali halina shida hiyo, mradi namba zilitolewa vizuri.

Kwenye chati yetu watoto wameshushwa kutoka kwa baba, na pembeni yake kuna jina la mke mmoja. Nimwandike kuwa mama wa wote? (Msomaji, Lamu)

Hapana, tafadhali. Andika safu ya baba tu, ya mama isiwepo mpaka upate ushahidi. Nasaba zetu nyingi zimechorwa kwa upande wa baba, na jina la mke pembeni linasema ndoa, halisemi uzazi.

Tazama Said huyohuyo. Mke wake mkuu alikuwa Azza binti Seif, na hakumzalia mtoto aliyebaki. Watoto wake tunaowajua walizaliwa na masuria: mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi, mama yake Salme Mcherkesi. Anayejaza Azza kwa watoto wote anawafuta wanawake hao, na pia anawafanya Barghash na Salme kuwa ndugu wa tumbo moja, jambo ambalo si kweli. Wazee wakiwa hai, waulize swali moja: "Hawa walitoka tumbo moja?"

Nimemaliza kuandika, lakini kuna mtu ametokea na baba wawili. (Msomaji, Mombasa)

Mara nyingi umewaunganisha wenye jina moja. Khalifa bin Said alitawala 1888 hadi 1890, Khalifa bin Harub 1911 hadi 1960. Ukiwaandika wote "Khalifa" na kuwapa namba moja, mtu huyo atakuwa mtoto wa Said na wa Harub kwa pamoja. Ndiyo maana kwenye jedwali la watu jina liandikwe na la baba, ikiwezekana na la babu.

Kama sivyo, angalia aina ya mstari. Wachoraji wengine huweka mshale wa urithi wa cheo, au wa mlezi. Ali bin Said alipofariki 1893 alifuatiwa na Hamad bin Thuwaini, mtoto wa kaka yake. Mshale huo ukiingizwa kama uzazi, Hamad anapata baba wa pili.

Wenye kasoro hiyo utawapata kwa fomula hii kwenye Excel, mtoto akiwa kolamu A na aina kolamu C:

```
=COUNTIFS(A:A,A2,C:C,"baba")>1
```

Inayojibu TRUE irudie kwenye karatasi.

Nitajuaje kwamba sijaruka mtu? (Msomaji, Morogoro)

Toa orodha ya namba ambazo hazimo kabisa kwenye kolamu ya mtoto. Wanaoruhusiwa kubaki humo ni wa juu kabisa wa chati na walioingia kwa ndoa. Mwingine yeyote, kiungo chake kimekuponyoka. Halafu linganisha miaka ya mtoto na mzazi: mzazi akionekana mdogo kuliko mwanawe, namba mbili za safu hiyo zimebadilishana nafasi. Kosa hilo hutokea hasa unapoandika umechoka, kwa hiyo kagua pia safu tano za juu na tano za chini yake.