Re: Moot ya amri ya ulinzi, mimi niko upande wa mwombaji

"Kesho kutwa tunafanya moot, yaani kesi ya mazoezi, ya amri ya ulinzi chini ya ile sheria ya Kenya ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, mimi ni wakili wa mke. Nimuulize nini kizimbani?"

Anza na tukio la mwisho bana, usianze na harusi. Hakimu anataka kujua vitu viwili: kuna ukatili ulifanyika, na amri inahitajika kumlinda sahii. Hii ni kesi ya madai so kiwango si kile cha jinai, inatosha ionekane kuna uwezekano mkubwa zaidi ilitokea.

Wengi huangukia kwa maswali ya kuongoza. Ukiuliza "alikupiga Jumamosi usiku, sivyo?" wakili wa mume anasimama kupinga na ako sawa. Uliza "Jumamosi usiku nini kilitokea?", halafu "alikuwa amesimama wapi?", "alisema nini?", "ulifanya nini baadaye?" na hapo ndio unaingiza namba ya OB ya polisi na fomu ya P3 ya majeraha kama ziko, zikikosekana usipaniki, ushahidi wake mwenyewe pia ni ushahidi. Skrinshoti za Wotsap lazima ziwe na cheti cha kifungu 106B cha sheria ya ushahidi, bila hicho zitapingwa.

Kama mume pia alimnyima pesa ya chakula ama alikuwa anamfuata hadi kazini, itoe yote, sheria inatambua ukatili wa kiuchumi na kufuatwafuatwa, na vitu vidogo vikirudiwa vinaonyesha mtindo.

Alafu kila ombi lishikane na ushahidi. Ukiomba asikaribie shule ya watoto na hukuuliza swali hata moja kuhusu shule, hakimu atakuuliza hiyo imetoka wapi.