Fuvu ukutani, na mabingwa wa listi za alama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimenunua printi ya mchoraji Mholanzi Pieter Claesz, ile ya 1628 yenye fuvu na kalamu ya unyoya. Jamaa mmoja mtandaoni kanitumia listi ya alama, anasema fuvu ni la Freemason na linaita kifo nyumbani, halafu eti si vanitas halisi, yaani picha ya kukumbusha kwamba maisha yanapita, maana haina mshumaa wala tunda lililooza. Ni kweli?

Jibu: Marahaba. Freemason tuimalize haraka, jumuiya yao kuu ya kwanza iliundwa London 1717 na Claesz alichora hii Haarlem 1628, piga hesabu mwenyewe. Neno vanitas lenyewe limetoka kwenye Biblia ya Kilatini, kitabu cha Mhubiri, pale tunaposoma "ubatili mtupu".

Kinachonichosha zaidi ni hizo listi, mshumaa ni hiki, limau ni kile, kama vile wachoraji wa Uholanzi walikuwa na kamusi moja mezani. Iangalie yako. Ile halisi iko kwenye makumbusho ya Metropolitan, New York, kibao kidogo tu cha sentimita 24 kwa 36 hivi. Mshumaa hamna lakini kuna taa ya mafuta na utambi ndio unakata roho, kwa hiyo kazi ya mshumaa imeshafanyika. Glasi imelala chali haina kitu, kalamu na makaratasi vimeachwa, mwandishi hayupo. Sasa ziba fuvu kwa kidole uone, bado meza nzima inasema mambo yamekwisha, na hapo ndipo unapoijua vanitas, vitu vyote vinavuta upande mmoja, tunda liwepo lisiwepo.

Claesz huyohuyo amechora glasi za namna hiyo kwenye meza za chakula, na mkate na samaki pembeni, na pale glasi inaweza kuwa glasi tu, jamaa anatuonyesha anavyojua kuchora mwanga wa dirisha ndani ya kioo (na anajua kweli, acha tu). Tunda nalo ni hivyohivyo. Kapu la matunda alilochora Mwitaliano Caravaggio, lililoko Milano, lina tofaa lenye tundu la mdudu na majani yaliyonyauka, na wataalamu bado wanabishana kama alikuwa anahubiri au alichora tu tofaa lililokuwa mbele yake. Mwenye listi habishani na mtu, anakujibu kwa sekunde.

Na ukimsikiliza sana utaona inaishia wapi. Kwanza listi ni ya bure, halafu nyumba yako ina alama mbaya, halafu unaambiwa utume hela ya "kuisafisha". Nimeona watu wamechoma picha nzuri na hela imeenda. Ukiona mtu anasoma alama moja bila kuuliza imechorwa lini, wapi, na pembeni yake kuna nini, mblock.

Printi yako itundike, ila mbali na jua la dirishani, wino wake unapauka.