Damu Aliyoificha Chini ya Sketi Mbili

Swali la wiki: "Je, mwanafunzi anaweza kuumwa mbele ya walimu wake kila siku na wasimtambue? Tuandikieni mliyoyashuhudia."

Anaweza, na nitasimulia ya binti wa kaka yangu, aliyekuwa kidato cha pili katika skuli moja ya Wilaya ya Wete, Pemba. Yeye na mama yake wameniruhusu niyaandike bila ya kutaja majina.

Alivunja ungo akiwa na miaka 13. Alipofikia 15, hedhi yake ilikuwa ikichukua siku tisa hadi kumi, na katika siku tatu za mwanzo pedi moja ilikuwa ikirowa yote kwa saa moja au mbili, huku yakitoka mabonge ya damu yanayozidi upana wa kidole gumba. Somo wake alikuwa amemwambia kwamba kila mwanamke hutoka damu na kwamba mambo hayo hayasemwi, naye akalishika neno hilo kama lilivyo. Pedi za dukani zikimwishia, hukunja vipande vya kanga kuukuu, akavaa sketi mbili za skuli, moja juu ya nyingine, na kukaa dawati la nyuma lililoegemea ukuta. Hakuwa akinywa maji asubuhi, ili asije akalazimika kuomba ruhusa ya kutoka mbele ya wavulana na kwenda choo ambacho mlango wake haukufungika. Mwalimu akimuuliza mbona amejiinamia, hujibu kuwa kichwa kinamuuma.

Dalili, hata hivyo, zilikuwepo. Alikuwa akihema kwa kupanda kilima kidogo cha kwenda skuli, moyo ukimwenda mbio, na nyumbani alikuwa akitafuna mchele mbichi kila apitapo jikoni. Hamu hiyo ya kula mchele mbichi au udongo huwapata mara nyingi watu waliopungukiwa na madini ya chuma, lakini kwetu huchukuliwa kuwa ni tabia tu. Tumbo likimkata, alinunua aspirini, dawa ambayo huzuia chembe sahani za damu zisishikamane kuziba mahali panapovuja, kwa hiyo akawa anazidisha kile kile anachokificha.

Siku ya nne ya hedhi mwalimu alimtaka asimame asome ukurasa mzima. Mtu akisimama, damu huteremkia miguuni, na mwili uliopungukiwa na damu na maji huchelewa kuirudisha kichwani. Aliniambia baadaye kwamba masikio yalivuma, herufi zikafifia, akashika ukingo wa dawati, kisha hakumbuki tena. Wanafunzi walipiga kelele kuwa amepandwa na shetani, na mmoja akaanza kumsomea Ayatul Kursiy. Mwalimu wa kike aliyekimbilia kutoka darasa la jirani hakuwakataza kusoma. Aliwatoa wavulana nje, akamlaza chali, akampandishia miguu juu ya mikoba, na alipoiona sketi akamfunika kwa mtandio wake. Kisha akamvuta kope ya chini. Sehemu ya ndani, ambayo huwa nyekundu, ilikuwa nyeupe.

Hospitalini himoglobini yake, protini ya damu inayobeba oksijeni, ilipimwa ikawa gramu 6.6 kwa desilita ya damu, wakati msichana wa umri wake hutarajiwa kuwa na 12 au zaidi. Alipimwa mimba pia, na daktari alimweleza mama yake kwa upole kwamba kipimo hicho ni cha kawaida kwa kila msichana anayetokwa na damu nyingi, wala si tuhuma. Akauliza kama binti hutoka damu puani au aliwahi kutoka damu muda mrefu baada ya kung'olewa jino, kwa sababu baadhi ya wasichana wa aina hii wana kasoro ya kuganda kwa damu waliyozaliwa nayo. Hakuwa na historia hiyo. Alichokuwa nacho ni jambo la kawaida katika miaka ya mwanzo ya hedhi: mayai hayapevuki kila mwezi, homoni ya projesteroni inakosekana, na utando wa tumbo la uzazi hunenepa kupita kiasi, kisha humomonyoka kwa muda mrefu.

Aliongezewa chupa moja ya damu, akapewa dawa ya kupunguza utokaji wa damu, ya kumezwa siku za hedhi nzito tu, pamoja na vidonge vya chuma. Vidonge hivyo humeza kwa maji ya ndimu, mbali na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kisifyonzwe. Choo chake kilipokuwa cheusi mama yake alishtuka, lakini hiyo ni kawaida ya dawa. Baada ya mwezi himoglobini ilifika 9.9. Daktari amemtaka aendelee na vidonge miezi mitatu zaidi hata damu itakapotimia, ili akiba ya mwili ijae, na amemwagiza kwamba pedi ikirowa kila saa kwa saa mbili mfululizo asisubiri kengele ya skuli, bali amwambie mwalimu yule yule aliyemfunika, apelekwe hospitali.