Nilipunguza sukari kwenye pudini ya mayai, ikatoka sponji

Mama mkwe wangu ana kisukari na anapenda pudini ya mayai kupita maelezo, sasa Ramadhani moja nikasema ngoja nimtengenezee yake peke yake. Kipimo changu cha siku zote ni mayai 5, maziwa nusu lita, sukari vijiko 8 vya mezani, iliki na kungumanga kidogo. Yake nikaweka sukari vijiko 3 tu, vingine vyote vilevile, kibati kilekile, moto uleule, dakika 40 zilezile. Kuja kuipindua kwenye sahani, matundu matundu kila mahali, imekakamaa, na maji yanachuruzika pembeni. Akaitazama, akaniambia "mwanangu, hii ya kula au ya kuoshea vyombo?"

Mi nilidhani mayai ndo mabovu. Kumbe kosa ni sukari, na tangu siku hiyo nimenunua themomita ya jikoni na nimeharibu mayai mengi tu mpaka nikaelewa.

Iko hivi. Protini za yai ni kama nyuzi zilizojisokota kila moja kivyake. Moto ukizifikia zinafunguka, zikishafunguka zinashikana na kufanya wavu ambao maji yanakaa ndani yake, hapo ndo tunasema imeganda. Ukizidisha moto ule wavu unabana zaidi na zaidi mpaka unakamua maji yake wenyewe, ndo yale maji niliyoyaona kwenye sahani. Yai zima lililopigwa bila kuongezwa kitu huwa linaganda kwenye nyuzijoto 73 hivi za Selsiasi. Ukiweka maziwa na sukari linapanda hadi karibu 80, na ukipita 85 hivi linakatika. Kwahiyo kati ya pudini laini na pudini ya mabonge una nyuzijoto chache tu za kuchezea, na zinakuwa chache zaidi kama moto ni mkali maana themomita inaruka kabla hujafunua mfuniko.

Sukari inafanya zile protini zisifunguke haraka, zinakaa zimejikunja muda mrefu zaidi kwahiyo zinahitaji joto zaidi. Kutoa vijiko 5 kwenye kibati changu kumeshusha joto la kuganda kwa nyuzi moja au mbili hivi, unaweza kusema kidogo, lakini kumbuka nafasi yenyewe ni finyu, na mi nilikuwa nimezoea kuitoa pale pale ukingoni. Pudini ya mama mkwe ilikuwa imeshaiva muda mrefu, mi bado naipikia tu! Na kinyume chake pia, ukiongeza sukari au ukatumia maziwa mazito ya kopo yenye sukari halafu ukaitoa kwa dakika za zamani, utakuta katikati uji. Usikimbilie kuongeza mayai, irudishe tu jikoni.

Maziwa sasa ndo yalinichanganya maana yanafanya kazi mbili zinazopingana. Kwanza yanazimua, zile protini zinatawanyika kwenye maji mengi, kukutana kwao kunakuwa kwa shida, ndo maana joto la kuganda linapanda. Wakati huohuo maziwa yana madini ndani yake, kalsiamu na chumvi chumvi nyingine, na hayo ndo yanasaidia protini zishikane. Zile protini nyingi zina chaji ya umeme ya aina moja, zinasukumana kama sumaku ukizikutanisha upande mmoja, chumvi inakuja kukaa katikati na kupunguza ule msukumano.

Kama huamini fanya jaribio nililofanya. Chukua vikombe viwili vidogo, kila kimoja weka nusu ya yai moja lililopigwa vizuri pamoja na maji robo kikombe, maji ya kawaida sio maziwa. Kimoja tia chumvi ya kubana kwa vidole, kingine acha hivyo hivyo. Pika vyote kwa mvuke mdogo. Changu kisicho na chumvi kilitoka vipande vya yai vinaelea kwenye maji kama supu iliyoshindikana, chenye chumvi kikashikana vizuri kabisa kama jeli. Yai ni lilelile. Siku hizi kila pudini naitia chumvi kidogo sana, hata kama ina maziwa. Usizidishe tu, chumvi inafanya igande mapema, na sahani ya pudini yenye ladha ya chumvi nani ataila.

Upande wa asidi kuna ushauri mmoja unazunguka sana, kwamba ukamulie ndimu ili kuua harufu ya yai. Niliufuata. Maziwa yakakatika hata kabla sijaweka jikoni, maana ndimu inagandisha maziwa yenyewe, na mayai nayo yanawahi kuganda kwasababu asidi inaondoa ile chaji ya kusukumana na protini zinashikana kabla hazijafunguka vizuri. Kitu cha ajabu ni kwamba yai lililogandishwa na asidi kidogo linakuwa laini, sio gumu, kwasababu nyuzi zake hazikufunguka zote. Ndo maana ile krimu ya ndimu ya kupaka kwenye mkate, ya mayai, siagi, sukari na maji ya ndimu, inatoka nyororo: haina maziwa ya kukatika na sukari ni nyingi, kwahiyo ndimu inashusha joto, sukari inalipandisha. Kwa pudini kama unataka harufu ya ndimu kuna ganda lake la kijani la juu, likune kidogo utie humo, lina harufu tu, ukali halina.

Na tafadhali usilinganishe na kastadi ya unga. Ile ni unga wa mahindi na rangi, haina yai kabisa, Alfred Bird wa Birmingham aliitengeneza mwaka 1837 kwasababu mkewe alikuwa akidhurika na mayai. Inataka ichemke ndo iwe nzito. Mtu aliyezoea hiyo akishika pudini ya mayai naye anataka aone inatokota, ikitokota ujue imeshakwisha.

Sasa ya mama mkwe nafanya hivi. Maziwa napasha moto kiasi kidole kinavumilia, nachanganya na mayai bila kupiga povu maana povu nalo linaleta matundu, nachuja, namimina kwenye kibati na kufunika na foili. Sufuria naweka kitambaa chini halafu maji mpaka nusu ya kibati, moto mdogo kiasi kwamba maji yanatetemeka tu, hayarushi mapovu. Kuanzia dakika ya 25 nafunua na kutikisa. Pembeni pakiwa pameshika na katikati panacheza kama jeli, sio kama maji, natoa hapohapo, themomita ikisoma 78 katikati. Bati lenyewe bado lina moto, litamalizia nyuzi mbili zilizobaki likiwa mezani. Yenye vijiko 8 naiacha mpaka 80 ndo natoa. Halafu friji usiku mzima kabla ya kupindua, ukiipindua ya moto itapasuka hata kama umefanya yote sawa.