Maji niliyatia klorini, mjomba akaendelea kuhara

Masika yaliyopita, nyumbani Tukuyu, nyumba nzima ilishikwa na tumbo. Watoto wawili wa dada yangu waliharisha maji matupu siku tisa hivi, wakapona kwa ORS na uji tu. Mjomba hakupona. Wiki ya tatu alikuwa bado anakwenda chooni mara kumi na zaidi kwa siku, na suruali yake ikahitaji kamba. Wote walikunywa maji ya ndoo moja.

Ndoo hiyo niliitunza mimi. Nachota chemchemini, nachuja kwa kanga, natia klorini ya chupa kwa kipimo cha kifuniko, nasubiri nusu saa. Zahanati walipouliza kama maji tunayatibu, nilijibu kifua mbele. Sikujua kwamba klorini, inayoua vizuri vijidudu vya kipindupindu na taifodi, haiwawezi wote. Jiardia na kriptosporidiamu ni vimelea vinavyotoka na kinyesi vikiwa ndani ya gamba gumu. Jiardia huistahimili klorini kwa muda, lakini ikikaa vya kutosha hufa. Kripto ni habari nyingine: kwenye maji yenye miligramu 1 ya klorini kwa lita anaweza kuishi zaidi ya siku 10. Nusu saa yangu kwake si kitu. Na kanga haimzuii, maana gamba lake ni dogo kiasi kwamba ukiyapanga mia mbili ndiyo unapata milimita moja.

Alitoka wapi? Siwezi kuapa, lakini chemchemi yetu iko chini ya zizi la jirani, na ndama wachanga hubeba sana kripto. Mvua ikinyesha, kila kitu kinateremka.

Zahanati walipima choo cha mjomba, majibu yakaja kwamba hakuna kimelea. Wakampa metronidazo kwa siku tano. Dawa hiyo hutibu jiardia, kripto haimgusi. Na yale majibu yalitupumbaza. Jiardia haitoki chooni kila siku, ndiyo maana hutakiwa sampuli tatu za siku tofauti. Kripto naye, kwa upimaji wa kawaida, hupita bila kuonekana. Maabara lazima ipake rangi maalumu, inayofanana na ile ya kupimia makohozi ya TB. Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa aliyeharisha siku 14 au zaidi, uliza waziwazi: "Hapa mmepima na kripto?" Sisi tuliuliza hospitali ya pili. Mtaalamu wa maabara akaniita nichungulie hadubini: vidoa vya duara vya rangi ya waridi. Vidogo hivyo!

Choo chenyewe nacho hudokeza. Cha jiardia mara nyingi kina mafuta, kinanuka vibaya, kinaelea, na mgonjwa anacheua harufu ya yai viza. Cha mjomba kilikuwa maji tu. Lakini usitegemee macho peke yake, pima.

Kwa nini watoto walipona, yeye akabaki? Alinieleza mwenyewe jioni moja wodini, akiangalia ukutani. Alikuwa ameacha ARV tangu ahame mjini, akiona aibu kuonekana CTC, kliniki ya wenye VVU, ya huku. CD4 yake, yaani hesabu ya seli za kinga, ilikuwa 58. Mwenye kinga nzima humshinda kripto ndani ya wiki moja au mbili. CD4 ikishuka chini ya 100, kuhara kunaweza kwenda miezi. Ipo dawa iitwayo nitazoksanaidi, lakini kinga ikiwa chini hivyo haina nguvu ya kutegemewa. Tiba hasa ni kuirudisha kinga. Alitundikiwa dripu, akanywa ORS, na daktari akamrudisha kwenye ARV. Choo kilianza kushika wiki ya tano. Anayetibiwa saratani au aliyepandikizwa figo, naye namwonya vilevile.

Siku hizi maji ya kunywa na ya kupigia mswaki nayachemsha. Yakitokota sawasawa, nahesabu dakika moja kamili. Kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,000 hesabu tatu. Yanapoa kwenye sufuria ileile iliyofunikwa, kisha yanaingia ndoo ya bomba, mtu asichovye kikombe. Mkaa unauma, ndiyo maana maji ya kufulia siyachemshi. Na ile dawa ya mikono ya spiriti tuliyokuwa tunajivunia mlangoni haimuui kripto. Tumeweka kibuyu chirizi na sabuni.

Jirani nimemwendea mara mbili kuhusu zizi. Amekubali kuchimba mtaro upande wa chini, kabla ya mvua za Novemba.