Kabla hujaandika "redio" kwa plani, soma brifu tena

Nyinyi mliojiunga na maketing juzi, naona brifu ikiingia tu mnakimbilia redio, mabango na Facebook. Ngoja kwanza. Chukua hii: klayenti ana jiko la kupunguza makaa, bei 3,500, anataka kuuza 200 kwa miezi miwili kwa kina mama wa vibanda vya chakula Kawangware. Sasa kila chombo unachoweka jiulize kinamsukuma huyo mama kwa hatua gani ya AIDA: aone, avutiwe, atamani, anunue.

Kuona ni kazi ya tangazo. Mama wa mandazi saa kumi alfajiri ashaamka na redio inaongea, kwa hivyo spoti fupi ya tangazo saa hiyo inamfikia kuliko bango la Waiyaki Way linaloonwa na wenye magari. Gari la spika pia sawa, ila usilipeleke saa saba watu wa lanchi wakiwa wamejaa, utatukanwa tu.

Lakini tangazo peke yake halitamtoa mtu 3,500 ambayo ni stoki yake, na hapa ndio wengi mnakwama. Kuvutiwa na kutamani kunataka mtu wa mauzo, aende saa tisa kukiwa kumetulia, aweke jiko jipya kando ya lile lake, makaa yapimwe kiasi kimoja, maharagwe yachemke kote mbili huku jirani wakiangalia. Halafu muulize makaa anatumia ya ngapi. Tuseme 250 kwa siku na jiko linapunguza kama theluthi, hiyo ni karibu 80, mwache apige hesabu mwenyewe kwa simu, ataona jiko linajilipa kwa siku 44 hivi. Akijipigia mwenyewe anaamini, ukimpigia wewe anajua unauza.

Promosheni ije mwisho: deposit 500 kwa M-Pesa, halafu 500 kila wiki kwa wiki sita, ambayo inakaribia kile anachookoa akipika siku sita, na ofa iwe na tarehe ya kufunga. Ukitangaza diskaunti redioni kabla mtu hajaona jiko likiwaka, anashika bei tu na anangoja ishuke tena.

Wekeni daftari: wangapi waliuliza, wangapi waliona jiko likiwaka, wangapi walilipa. Wakiona 60 na wanalipa 5, shida haiko redioni, kwa hivyo klayenti akisema aongeze spoti mwambieni hapana, angalieni bei ama masharti ya kulipa. Wakija kuona wachache, hapo sawa, rudini kwa tangazo.

Na AIDA inaishia kwa kununua. Udongo wa ndani ya jiko ukipasuka wiki ya tatu, stori inafika kwa chama kabla yenu, so tengeni pesa ya fundi kwa bajeti hiyo hiyo.